Korosho yupo, Kisamvu yupo, Mbaazi yuko wapi?

Katika nyumba moja ya Kiegei, wilayani Nachingwea, saa kumi na mbili jioni ni saa ya kuita majina. Mtoto wa darasa la nne anasimama mbele ya tangi la kioo akiwa na daftari. Mdogo wake wa miaka sita anashika kopo la chakula. Dada anaita, kaka anatafuta kwa kidole juu ya kioo: Korosho yupo, Kisamvu yupo, Mtama yupo, Karanga yupo, Ming'oko yupo nyuma ya jiwe. Kila aliyepo anawekewa alama ya vema, na chakula hakimwagwi mpaka orodha iishe.

Wanaoitwa ni samaki wa mapambo wa aina ya gapi. Ni wadogo, dume hafiki urefu wa kidole cha mwisho, na walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa maji nusu na hewa nusu. Tangi lenyewe lilitengenezwa na fundi wa vioo vya madirisha: sentimita 60 kwa urefu, 30 kwa upana na 35 kwa kimo. Ukitoa changarawe na nafasi inayoachwa juu, linabaki na maji lita kama 55.

Wenye nyumba waliomba majina yao yasiandikwe gazetini, ila ya samaki niyaandike yote. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, baba anauza pembejeo za kilimo, na bibi, mama mzazi wa baba, anaishi nao.

Mpango wa kuwaita samaki majina ya vyakula haukuwa wa kwanza. Wiki ya kwanza watoto walitaka kuwapa samaki majina ya watu. Mmoja angekuwa shangazi, wawili wanafunzi wenzake wa darasani, na dume mkubwa angeitwa jina la babu aliyefariki. Bibi alikataa papo hapo.

"Nikamwambia, mjukuu wangu, jina la babu yako lina mwenyewe. Amepewa mtoto wa baba yako mdogo, yuko Ruangwa na anatambaa," anasimulia bibi. "Samaki huyu akifa kesho utakuja kuniambia nini? Babu amekufa tena?"

Anayejua jinsi jina linavyorithiwa katika familia zetu ataona kwamba bibi hakuwa anatania. Jina la marehemu akipewa mtoto, mtoto huyo anaitwa baba au babu na watu wazima, na anaheshimiwa kwa jina hilo. Kulibandika kwa samaki, ambaye kwa kawaida huishi miaka miwili au zaidi kidogo, ni kutafuta maneno. Hata jina la shangazi aliye hai lina hatari yake. Mtoto atasema mbele ya wageni kwamba shangazi amenenepa, au shangazi amemng'ata mwenzake mkia.

Hapo ndipo mama alipoleta wazo la kundi moja la majina, yote ya aina moja, ili kusiwe na anayependelewa wala anayetukanwa. Kila mmoja akaja na kundi lake.

Baba alitaka mashujaa wa katuni za ujana wake. Aliyesoma jarida la Sani miaka hiyo anawajua: Lodi Lofa, Madenge, Kipepe, Pimbi, Ndumilakuwili. Ni majina matamu, na nakiri ningeyapigia kura. Tatizo ni kwamba jina la katuni linakuja na tabia. Ukishamwita samaki Madenge, kila anachofanya kitaonekana ni utundu, hata siku anapokwenda mbio huku na huko kwa sababu maji yanamwasha. Na watoto wenyewe hawakuwahi kumwona Madenge, kwa hiyo jina halikuwashika.

Mtoto wa darasa la nne alitaka sayari, maana ndizo walizokuwa wanasoma. Samaki walikuwa wanane na sayari ni nane tangu mwaka 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoiondoa Pluto kwenye orodha. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina mazuri ya kuita jioni. Lakini mama aliuliza swali moja: wa tisa akizaliwa ataitwaje? Kundi la sayari limefungwa, halina akiba. Na gapi, kama tutakavyoona, hazai mmoja.

Vyakula vikashinda kwa sababu havina mwisho na kwa sababu kila mtu nyumbani anavijua. Madume matano wakawa Korosho, Mbaazi, Kisamvu, Mtama na Karanga. Majike matatu wakawa Ming'oko, Mhogo na Njugumawe. Kwa msomaji asiye wa kusini, ming'oko ni mizizi myembamba ya porini inayochimbwa na kuchemshwa kwa chumvi, na mtu wa Lindi au Mtwara aliye mbali na kwao huitaja kwa uchungu. Jina la Karanga lilimpa bibi nafasi ya kuwasimulia wajukuu habari ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga kwa matrekta hapa Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, na reli ya kwenda Mtwara ambayo siku hizi haipo tena.

Kazi ngumu ilianza baada ya kuchagua majina: jina lipi ni la nani, na utamjuaje kesho?

Kwa madume ilikuwa rahisi. Kila dume wa gapi aliyekomaa ana michoro yake, na haifanani na ya mwenzake. Korosho ana doa jeusi ubavuni, limepinda kama korosho iliyobanguliwa. Mbaazi alikuwa na nukta za mviringo zilizopangwa mkiani. Kisamvu anang'aa kijani, Mtama ana mkia wa rangi ya mtama mwekundu, na Karanga ni mdogo mwenye rangi ya kahawia inayoelekea chungwa. Jina limetokana na alama, kwa hiyo hata mgeni akiambiwa jina anaweza kumtafuta mwenyewe.

Majike ndiyo waliowasumbua. Jike wa gapi ni wa kijivu, mkubwa kuliko dume na hana mapambo mengi. Mtoto mdogo alimwita mmoja Kipande kwa sababu ncha ya mkia wake ilikuwa imekatika njiani. Baada ya wiki chache mkia ulikuwa umeota ukajaa, maana pezi la samaki likikatika bila kuharibika shina huota tena, na Kipande akapotea katikati ya wenzake. Mwingine waliwahi kumwita Kitumbo. Usiku mmoja alizaa, asubuhi hakuwa na tumbo.

Waliporudia kazi walikaa mbele ya kioo na tochi na kutafuta alama isiyobadilika. Ming'oko ana mwili mrefu mwembamba hata akiwa na mimba. Mhogo ni mweupe kuliko wote. Njugumawe ana vitone vyeusi viwili kwenye shina la mkia. Mama alichora umbo la kila samaki kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na kuweka alama mahali pake, upande wa kulia na upande wa kushoto, kwa kuwa doa la upande mmoja halionekani samaki akigeuka.

Kosa la kumwita samaki kwa rangi aliyonayo leo linawapata hata wafugaji wa siku nyingi. Kuna samaki wa Ziwa Nyasa wanaoitwa mbuna, jina la huko huko ziwani ambalo leo linatumiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani bila kutafsiriwa. Mmoja wao, ambaye wataalamu humwita Melanokromisi auratusi, akiwa mdogo ana rangi ya manjano na milia myeusi. Majike hubaki hivyo. Dume akikomaa anageuka, mwili unakuwa mweusi na mstari uliokuwa mweusi unafifia. Mtoto aliyemwita Ndizi atajikuta anaita Ndizi samaki mweusi kama mkaa. Samaki dhahabu nao wako hivyo: wengi huzaliwa na rangi ya shaba iliyofifia na kupata uchungwa baadaye, na wale wenye mabaka meusi mara nyingi huyapoteza.

Sasa nirudi kwenye saa kumi na mbili jioni. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na katika nyumba hii nilivutiwa zaidi na daftari kuliko na tangi.

Gapi wanane wanaocheza hawahesabiki kirahisi. Jaribu. Utapata saba, kisha tisa, kisha saba tena, utasema wapo na kumwaga chakula. Lakini ukiita kwa jina hutafuti idadi, unamtafuta Mbaazi mwenye nukta mkiani, na Mbaazi ama yupo au hayupo. Na samaki wenyewe hawasikii jina lao wakaja. Wanamjua anayekuja na kopo na wanajua kifuniko kikiguswa kuna chakula. Majina ni ya binadamu.

Miezi michache kabla sijafika, jioni moja Mbaazi hakuonekana. Mtoto alimuita mara tatu. Waliangalia kwanza sakafuni, kwa sababu gapi huruka tangi lisipofunikwa vizuri. Kisha walimulika nyuma ya majani, kisha wakainua jiwe. Alikuwa chini yake, amekufa, mwili umeanza kulegea na maji ya pale yana harufu. Wengine walikuwa wamepanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wakihema haraka.

Kuhema huko ndiyo dalili ya kushika. Samaki aliyekufa huoza kama mzoga wowote, na kuoza kunatoa amonia inayounguza mashavu ya wenzake wanakopumulia. Wakati huohuo bakteria wanaouozesha mwili wanakula hewa iliyo ndani ya maji. Kwenye joto la Nachingwea mambo haya mawili yanakwenda mbio, maana maji ya moto yanaozesha haraka na yanabeba hewa kidogo kuliko ya baridi. Katika bwawa mzoga mmoja wa ukubwa wa punje si kitu. Katika lita 55 ni jambo la usiku mmoja.

Walimtoa. Walipunguza maji ndoo moja, lita kama 18, yaani karibu theluthi, wakarudisha maji ya kisima yaliyolala ndani ili joto lilingane. Angekuwa anatumia maji ya bomba yenye klorini, ndoo ingepaswa kukaa wazi siku nzima kwanza. Siku iliyofuata hawakulisha, maana chakula kisicholiwa nacho kinaoza. Asubuhi saba walikuwa wameshuka katikati ya maji na kuhema kawaida.

Kisha mama akafungua daftari nyuma. Ijumaa, siku tatu kabla, binti yake alikuwa ameandika kwa penseli: Mbaazi kajificha, hakula. Jumamosi: Mbaazi yupo chini, mapezi kafunga. Habari ilikuwepo. Hakuna aliyeisoma.

"Nilikaa kimya nikawaza ni mara ngapi nasahihisha madaftari ya watoto wa watu," anasema mama. "La mwanangu lilikuwa hapa sebuleni."

Tangu hapo kuna utaratibu. Samaki kukosa kula siku moja si ugonjwa, na jike anayekaribia kuzaa hujitenga. Lakini jina moja likiwa na alama ya kosa siku mbili mfululizo, au likiwa na alama ya kosa pamoja na dalili nyingine kama mapezi kufungwa, kujikuna kwenye mawe, kuvimba au kubaki juu akihema, mtu mzima anaitwa siku hiyohiyo. Mtoto ameambiwa hata kama mama anasahihisha mitihani amkatishe.

Utaratibu huo ulipata kazi mapema. Mtama alionekana anajisugua kwenye jiwe, na kesho yake mkia wake mwekundu ulikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kijidudu kinachojichimbia kwenye ngozi ya samaki, kikishiba kinadondoka chini, kinagawanyika, na watoto wake wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Wazo la kwanza la watoto lilikuwa kumhamishia Mtama kwenye ndoo, na hapa jina linaweza kupotosha. Daftari linasema Mtama anaumwa, lakini kijidudu kishasambaa kwenye tangi zima. Ukimtoa Mtama peke yake utakuwa umemtoa aliyetangulia kuonyesha dalili tu.

Walitibu tangi lote kwa chumvi, gramu 2 kwa kila lita. Kwa lita 55 ni gramu 110, vijiko vya chakula sita hivi vya kusawazisha. Iliyeyushwa kwanza kwenye maji pembeni, ikatiwa nusu asubuhi na nusu jioni. Gapi wanaivumilia chumvi vizuri, ingawa baadhi ya majani ya majini hunyauka, na si kila aina ya samaki itaivumilia kiasi hicho. Kila walipobadilisha ndoo ya lita 18 walirudisha vijiko viwili. Waliendelea siku kumi, ingawa madoa yalipotea kabla, kwa sababu kijidudu hakifi kikiwa ndani ya ngozi, kinakufa kikiwa majini. Daftari la siku hizo lina safu ya madoa: Mtama 9, Mtama 12, Karanga 3, Mtama 4, Mtama hana. Bila majina usingejua kama madoa ya leo ni ya yule wa jana au yamehamia kwa mwingine.

Kuna jambo moja la kiafya la kwetu sisi tunaotia mikono humo. Maji ya tangi yana bakteria, na mmoja wao, wa jamii ya kifua kikuu, anaweza kuingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe usiopona haraka. Mwenye kidonda mkononi asitumbukize mkono, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kazi. Ukimwona daktari kwa uvimbe wa namna hiyo, mwambie kwamba unafuga samaki, kwa sababu hatakisia.

Majike watatu, waliokuja wakiwa na mimba, walifanya kile mama alichohofia. Jike wa gapi huzaa vifaranga hai kila baada ya wiki nne hivi, mara nyingi ishirini au zaidi kwa mkupuo, na anaweza kuhifadhi mbegu za dume na kuendelea kuzaa kwa miezi hata akitengwa. Asubuhi moja kona ya tangi ilikuwa na vipande vya macho na mikia visivyohesabika.

Mtoto mdogo alianza kuwapa majina: Choroko, Kunde, Bamia, Boga. Alipofika kumi hakumkumbuka wa kwanza, na wote walikuwa sawa. Bibi, aliyekuwa anapepeta ufuta uani, ndiye aliyemaliza suala hilo: wote wanaitwa Ufuta. Nani anaita punje ya ufuta kwa jina lake? Kwenye daftari Ufuta wana mstari mmoja tu, wengi au wachache. Wazazi wao wanawala baadhi, na hilo limeandikwa pia bila kulia sana. Anayefikisha wiki sita hadi nane, dume anapoanza kuonyesha rangi, ndiye anayehama kutoka Ufuta kwenda jina lake mwenyewe. Wanaozidi hupewa majirani wenye mapipa ya maji, ambako gapi hula viluwiluwi vya mbu. Hawatupwi mtoni wala kwenye madimbwi ya masika, kwa kuwa huko wangekula vifaranga vya samaki wa asili.

Shida ndogo ya majina haya hutokea mezani. Siku ya kisamvu cha nazi, mtoto wa miaka sita aliweka kijiko chini na kuuliza kama ni yule. Akaonyeshwa tangi, akamwona Kisamvu anazunguka, akala. Kwa hiyo anayetaka kuiga kundi hili aache majina ya vyakula ambavyo ni samaki. Dagaa na Changu hayafai kabisa.

Nilipoondoka palikuwa na mjadala juu ya jina la Mbaazi. Katika Ufuta ametokea dume mmoja mwenye nukta mkiani, bila shaka ni mwanawe. Bibi anasema kwa samaki jina linaweza kurithiwa, maana hapo hapana wa kuudhika. Mama hataki, kwa sababu ya daftari: akisoma mwakani Mbaazi hakula, atajuaje ni Mbaazi yupi? Binti yao ameandika Mbaazi wa Pili kwa penseli, ili liweze kufutwa.